Sura ya Sita: Barua kwa Mwalimu wa Darasa

Huko kwetu Olenguruone, mtoto akiamka na homa, habari hufika shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Dada yake anaambiwa mlangoni, huku amevaa sweta na ukungu wa Mau haujapanda, "Mwambie mwalimu Brian anaumwa." Dada anafikisha ujumbe, mwalimu anaitikia kwa kichwa, na mambo yameisha. Kazi ya nyumbani iliyompita mtoto huandikwa upya kutoka daftari la jirani. Mzazi akikutana na mwalimu siku ya soko, wanasalimiana, wanaulizana kuhusu viazi na mvua, na katikati ya mazungumzo mwalimu anapata habari za ugonjwa wote, tangu ulipoanza hadi dawa iliyousimamisha.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu ndiyo wanafunzi wangu wengi hubeba kichwani wanapoondoka. Nimefundisha Kijerumani mjini Nakuru kwa miaka kadhaa, na kila muhula nina watu wawili watatu waliopanda matatu za Molo wakitoka Kuresoi: Keringet, Kiptororo, Kiptagich. Wengi wao ni wauguzi. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji wa kikazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, madarasa yamejaa. Wanajifunza kueleza maumivu ya mgonjwa, kusoma kipimo cha dawa, kujibu maswali ya mwajiri. Barua ya kwanza ambayo Mjerumani huwadai kwa haraka, hata hivyo, mara nyingi haitoki hospitalini. Inatoka kwa mwalimu wa darasa la mtoto.

Mmoja wao, ambaye hapa nitamwita Mama Brian, alinipigia simu Jumatatu moja ya Novemba kutoka Stuttgart. Mtoto wake wa darasa la tatu alikuwa ameamka na vipele vya maji kifuani na mgongoni.

"Mwalimu, nimeshaandika barua. Nitakutumia uiangalie tu makosa."

Barua ilifika. Ilikuwa na kurasa mbili. Ilianza kwa kumuuliza mwalimu hali yake na ya familia yake, ikasema kwamba nyumbani kwao wote ni wazima, halafu ikasema kwamba mtoto ni mgonjwa. Ilieleza usiku mzima: saa ngapi homa ilipanda, nani aliweka kitambaa chenye maji, kwamba baba mtu alikuwa zamu. Mwishoni kulikuwa na baraka za Mungu kwa mwalimu na shule yote. Kazi ya nyumbani ilitajwa katika mstari wa mwisho kabisa, kama kitu kilichokumbukwa wakati mgeni ameshafika mlangoni.

Kijerumani chake hakikuwa kibaya. Tabu ni kwamba aliandika barua ya kirafiki, na mwalimu alihitaji hati. Kwa mwalimu wa Ujerumani, barua hii ni karatasi inayoingia kwenye faili na kubadilisha alama moja katika rejista: siku ya kutokuwepo bila sababu inageuka kuwa siku ya kutokuwepo kwa sababu iliyokubalika. Nchini Ujerumani kuhudhuria shule ni wajibu wa kisheria, na mtoto hawezi kufundishiwa nyumbani kwa hiari ya mzazi. Kenya nayo ina wajibu huo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, lakini huku kwetu sheria hiyo haimfuati mtu kwa siku moja ya homa. Kule inamfuata. Siku zisizo na maelezo zikizidi, mzazi anaweza kutozwa faini, na katika majimbo mengi idadi ya siku hizo huandikwa kwenye ripoti ya mtoto.

Elimu nchini Ujerumani ni mamlaka ya majimbo, yaliyo 16, kwa hiyo muda wa kutoa taarifa haufanani kila mahali, ingawa hautofautiani sana. Stuttgart iko Baden-Württemberg, na huko kanuni iko wazi. Taarifa lazima ifike shuleni kufikia siku ya pili ya kutokuwepo. Inaweza kutolewa kwa mdomo, kwa simu, kwa njia ya elektroniki au kwa maandishi. Ikiwa mzazi amepiga simu au ametuma ujumbe wa elektroniki, barua iliyoandikwa lazima ifuate ndani ya siku tatu. Ndiyo maana nilimuuliza Mama Brian jambo la kwanza kabla ya kugusa barua yake: "Umepiga simu shuleni?"

Hakuwa amepiga. Alidhani barua inatosha, na alitaka iwe nzuri kwanza. Saa ilikuwa imepita tatu asubuhi kwake. Katika shule ya msingi, mtoto asipoonekana kipindi cha kwanza na hakuna aliyepiga simu, shule huanza kumtafuta, kwa maana huenda aliondoka nyumbani na hakufika. Watoto wadogo kule hutembea kwenda shule wenyewe, na hofu hiyo ni ya kweli. Simu hupigwa kabla ya kipindi cha kwanza, kwa ofisi ya shule wala si kwa mwalimu, na sentensi tatu zinatosha: jina la mtoto, darasa, kwamba ni mgonjwa leo. Shule nyingine zina programu ya simu yenye sehemu maalumu ya taarifa hiyo. Mama Brian alikata simu yangu, akapiga shuleni, akanirudia baada ya dakika nne akiwa na sauti nyingine kabisa. Mama wa ofisini alikuwa amemwambia mtoto apone haraka.

Mchana walikwenda kwa daktari wa watoto. Ilikuwa tetekuwanga, ambayo kwa Kijerumani ni Windpocken. Hapo kuna jambo ambalo lilibadilisha barua, nami nataka msomaji alishike vizuri. Kwa kawaida mzazi halazimiki kutaja ugonjwa. Ukisema mtoto ni mgonjwa, yatosha. Ni siri ya mtoto, na mwalimu hatakuuliza. Lakini sheria ya Ujerumani ya kinga dhidi ya maambukizi, katika kifungu cha 34, ina orodha ya magonjwa ambayo mzazi lazima ayataje shuleni mara moja. Tetekuwanga imo. Surua imo. Kifaduro kimo, upele wa kuwasha umo, na hata chawa wa kichwani wamo. Mtoto mwenye tetekuwanga hawezi kurudi darasani mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magaga, na hilo huchukua wiki moja hivi tangu vipele vitokee. Kwa hiyo mafua hunyamaziwa, na tetekuwanga husemwa wazi. Mama aliyezoea kusimulia kila kitu hujifunza kunyamaza, na mara moja moja hujifunza kwamba hapa hawezi kunyamaza.

Siku ya Jumanne tuliandika barua upya. Majina yote ni ya mfano, ila umbo ni lile lile lililopelekwa.

```
Mercy Chepkoech
(anwani)

Stuttgart, den 11. November 2025

Entschuldigung für Brian Kiprono Rotich, Klasse 3b

Sehr geehrte Frau Weber,

mein Sohn Brian kann seit Montag, dem 10. November 2025,
nicht am Unterricht teilnehmen, weil er Windpocken hat.
Ich habe die Schule am Montag telefonisch informiert.
Nach Auskunft der Kinderärztin muss er voraussichtlich
bis Freitag, den 14. November, zu Hause bleiben.
Ich bitte Sie, sein Fehlen zu entschuldigen.

Könnten Sie mir bitte mitteilen, welche Hausaufgaben
er nachholen soll? Ein Mitschüler aus unserer Straße
kann die Arbeitsblätter gern mitbringen. Am Freitag wird
in Mathematik eine Arbeit geschrieben. Darf Brian sie
später nachschreiben?

Vielen Dank für Ihre Mühe.

Mit freundlichen Grüßen
(sahihi)
Mercy Chepkoech
```

Tuisome kuanzia juu. Mstari wenye jina la mtoto na darasa ndio ule tuliofundishwa shuleni kuuandika baada ya "MINT:" katika barua rasmi. Wajerumani waliacha kuandika neno lenyewe. Wanaweka mada tu, mara nyingi kwa wino mzito. Tazama kwamba jina la mama na jina la mtoto hayafanani. Kwetu hilo ni la kawaida kabisa, mtoto ana jina lake la kuzaliwa na jina la baba, mama ana lake. Kwa mwalimu mwenye watoto ishirini na kitu, barua iliyosainiwa Chepkoech haimwambii chochote kuhusu Rotich. Andika jina la mtoto kama lilivyo kwenye rejista ya shule, lote, pamoja na darasa. Tena, kwa kuwa mwalimu hawezi kujua kwa jina la Kiprono au Jepkosgei kama ni mvulana au msichana, maneno mein Sohn au meine Tochter yanamwokoa.

Salamu ni Sehr geehrte Frau, kisha jina la ukoo la mwalimu. Akiwa mwanamume ni Sehr geehrter Herr. Usiandike neno la mwalimu lenyewe katika salamu, ingawa kwetu kumwita mtu "Mwalimu" ni heshima kubwa. Wajerumani humheshimu kwa kumtaja jina. Baada ya salamu ni mkato, na sentensi inayofuata inaanza kwa herufi ndogo, kwa kuwa ni mwendelezo wa salamu. Hapa wanafunzi wangu wote, bila kubagua, hukosea mara ya kwanza. Na maneno Sie na Ihnen, ya kumwita mtu kwa adabu, yana herufi kubwa daima. Ukiandika sie kwa herufi ndogo, unakuwa umesema "wao".

Kisha ipo sentensi ambayo sura hii nzima imeizunguka: Ich bitte Sie, sein Fehlen zu entschuldigen. Kitenzi entschuldigen kina njia mbili. Ukisema Ich entschuldige mich, unaomba radhi kwa kosa lako, kama umemkanyaga mtu mguu. Mama Brian alikuwa ameandika hivyo mara tatu, kwa unyenyekevu wake wote. Lakini mtoto kuugua si kosa, na mwalimu hakuombwa kusamehe. Ameombwa kukubali sababu na kuandika siku hizo kama zenye sababu. Kwa Kiswahili tungesema tofauti ni kati ya "nisamehe" na "naomba kutokuwepo kwake kukubaliwe". Barua yenye "nisamehe" tupu haikataliwi, mwalimu mwenye busara ataielewa, ila ndiyo inayomfanya mzazi ajione mkosaji mbele ya shule, na mzazi anayejiona mkosaji huogopa kuuliza kuhusu kazi ya nyumbani.

Kuhusu sarufi nitagusa sehemu moja tu. Baada ya weil, yaani "kwa sababu", kitenzi hukimbilia mwisho wa sentensi: weil er Windpocken hat, na wala si weil er hat Windpocken. Kiswahili kinasema "kwa sababu ana tetekuwanga", kitenzi kikitangulia, na ndiyo sababu ulimi wetu hukiweka hapo. Ukimaliza barua, tafuta kila weil na uangalie neno lililo kabla ya nukta. Kwa njia hiyo utakamata kosa lililo la mara kwa mara zaidi, hata usipojua sarufi nyingine.

Aya ya pili ni ya kazi. Niliitenga na ya kwanza kwa makusudi. Aya ya kwanza ni ya faili. Ya pili ni ya mwalimu, ataijibu. Ukizichanganya, mwalimu husoma sababu, huweka alama yake, na ombi linapotea. Tena ombi la Mama Brian limebeba njia ya kulitimiza: kuna mtoto wa mtaa ule ule anayeweza kuleta karatasi. Katika shule nyingi za msingi kila mtoto ana jalada lake la karatasi za kupelekwa nyumbani, na mwalimu huweka humo alichokosa mgonjwa kisha humkabidhi mwenzake. Ukitaja mwenzake, umempunguzia mwalimu kazi ya kufikiri. Jina la mtoto huyo hatukuliandika kwenye barua. Mama yake aliulizwa kwanza, akakubali, na mwalimu aliambiwa kwa simu.

Neno la mtihani wa hesabu wa Ijumaa si la kupita hivi hivi. Huko Baden-Württemberg, kazi ya maandishi iliyokosekana bila sababu iliyokubalika hupewa alama 6, ambayo katika ngazi ya Ujerumani ndiyo ya chini kabisa, kwa kuwa 1 ndiyo bora. Iliyokosekana kwa sababu iliyokubalika, mwalimu huamua kama mtoto ataifanya baadaye. Mstari mmoja wa barua ndio unaotenganisha hayo mawili. Neno la kufanya mtihani baadaye ni nachschreiben. La kufidia kazi ya nyumbani ni nachholen. Wengi hutumia wiederholen kwa yote, na hilo lina maana ya kurudia, jambo ambalo mwalimu anaweza kulielewa kama mtoto kurudia darasa.

Barua ile, ukianzia kwenye salamu, ina maneno chini ya mia. Watakaofanya mtihani wa lugha watatambua kipimo hicho. Mtihani wa wahamiaji wa ngazi za A2 na B1 hutoa dakika 30 za kuandika barua moja yenye hoja nne za lazima, na barua kwa mwalimu wa mtoto ni aina ya mada inayotarajiwa humo. Mtihani wa B1 wa Goethe una kazi tatu za kuandika ndani ya dakika 60, na ya tatu ni barua fupi rasmi ya maneno 40 hivi. Hesabu hoja katika barua ya Brian: nani na lini, kwa nini, ombi la kukubaliwa, ombi la kazi. Nne. Mtahini huhesabu vivyo hivyo.

Kuna barua nyingine inayofanana na hii kwa sura tu, na watu wa Kuresoi lazima waijue, kwa maana ndipo nimeona wakiumia. Kutokuwepo kunakojulikana mapema hakuandikiwi barua ya baadaye. Kunaombewa ruhusa kabla, na ruhusa hiyo huitwa Beurlaubung. Bibi akifariki Kiptororo, msiba katika familia umo katika sababu zinazotambuliwa na kanuni za Baden-Württemberg, na ombi hupelekwa mara tu habari inapofika. Kwa siku mbili mfululizo, mwalimu wa darasa mwenyewe anaweza kuamua. Zaidi ya hapo ni mwalimu mkuu. Mazishi yetu huchukua zaidi ya siku mbili, na safari peke yake ina siku yake, kwa hiyo andika kwa mwalimu mkuu moja kwa moja.

Desemba ndiyo ngumu. Kwetu likizo hiyo ni ndefu, na ndio wakati wa vijana kuingia jandoni, ndugu wote wakiwa nyumbani. Likizo ya Krismasi ya Ujerumani ni wiki mbili hivi. Tikiti za ndege ni nafuu kidogo kabla ya likizo kuanza, na kishawishi cha kuondoka siku tatu mapema ni kikubwa. Ruhusa ya kurefusha likizo kwa kawaida hukataliwa. Baba mmoja niliyemfundisha alikataliwa, akasafiri hata hivyo, kisha akaandika barua ya ugonjwa kama hii ya Brian. Mwalimu aliona picha ya mtoto akiwa kwenye shamba la chai. Kanuni inaruhusu cheti cha daktari kudaiwa pale ugonjwa unapozidi siku kumi za masomo, na pale penye mashaka shule hupata njia ya kukidai mapema. Yeye hakuwa nacho. Mwaka 2018 polisi wa Bavaria walifika hata kwenye uwanja wa ndege wa Memmingen kuwatazama watoto waliokuwa wakisafiri kabla ya likizo kuanza. Barua ya ugonjwa ambao haukuwepo ni uongo ulioandikwa na kusainiwa. Siwezi kumfundisha mtu yeyote kuiandika, na nasikitika kwa baba yule, maana alitaka tu mwanawe aone jando la kaka yake.

Brian alirudi shuleni Jumatatu tarehe 17. Magaga yalikuwa bado yanaonekana shingoni. Mwalimu alikuwa amejibu kwa mistari miwili: karatasi za Kijerumani na hesabu zilitumwa kupitia mwenzake, na mtihani angeufanya Alhamisi, kipindi cha pili. Mama Brian alinitumia picha ya jibu hilo. Pembeni mwa barua yake mwenyewe, iliyorudi ikiwa imetiwa sahihi, mwalimu alikuwa ameandika neno moja: entschuldigt.

Msomaji uliye Keringet au Molo, unayejiandaa kuondoka na watoto: shule ikishampokea mtoto wako, uliza nambari ya ofisi yake, ile inayoandikwa Sekretariat mlangoni, uihifadhi kwenye simu yako na ya mwenzako siku hiyo hiyo. Andika pembeni yake darasa la mtoto na jina la ukoo la mwalimu, herufi kwa herufi. Barua unaweza kuiandika jioni. Simu ni ya asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.